Sita au Tisa? Simu Inapoziba Sauti

Mteja amepiga simu kwa wakala amtajie namba ya kutumia pesa. Wakala anasema sita, mteja anaandika tisa, na pesa zinaelekea kwa mtu mwingine. Ukiwahoji, kila mmoja ataapa kwamba alifanya sawa, na wote watakuwa wanasema kweli. Maneno hayo mawili yana irabu zilezile kwa mpangilio uleule, i kisha a. Konsonanti zake pia ni zilezile, ila zimepishana nafasi. Sikio huyatenganisha kwa kusikia mluzi wa s umekaa wapi, mwanzoni au katikati. Simu iliyoziba huumeza mluzi huo kwanza.

Irabu zina nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko kwenye mitetemo ya polepole, chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, yaani hezi 1,000. Sauti ya s ni dhaifu na ya kasi, na nguvu yake kubwa huanzia karibu hezi 4,000 kwenda juu. Vumbi lililochanganyika na jasho likiganda juu ya wavu wa spika au ndani ya tundu la maikrofoni, mitetemo ya polepole bado hupenya, lakini ile ya kasi hukwama. Ndiyo maana malalamiko ya watu huja kwa namna moja: "Nakusikia, lakini sielewi unachosema." Anayelalamika huongeza sauti ya simu hadi mwisho na bado haelewi, kwa sababu kilichoongezeka ni zile irabu ambazo tayari zilikuwa zikisikika.

Kabla ya kutafuta sindano au kwenda kwa fundi, kuna swali moja la kujibu: ni nani asiyesikia vizuri? Kama wewe ndiye unayewasikia wengine kwa kuziba, angalia spika ya sikioni, ule mfereji mwembamba ulio juu ya kioo. Kama wao ndio wanaokusikia wewe kwa kuziba, angalia maikrofoni. Hili linaonekana dogo, lakini watu wengi husugua spika kubwa ya chini kwa nguvu zote wakati kasoro iko kwenye maikrofoni iliyo sentimita moja pembeni yake. Na kama ni mtu mmoja tu anayekulalamikia, au wewe unamsikia vibaya mtu mmoja tu, uwezekano mkubwa simu mbovu ni ya huyo mwenzako. Piga kwa watu watatu tofauti kabla ya kuigusa yako.

Kwa upande wa maikrofoni kuna jambo ambalo mtumiaji wa kawaida haambiwi anaponunua simu: simu janja karibu zote zina maikrofoni zaidi ya moja. Iliyo kuu iko chini, karibu na tundu la chaji, mahali ambapo mdomo unafika ukiweka simu sikioni. Nyingine iko juu, na kwenye baadhi ya simu ipo ya tatu karibu na kamera ya nyuma. Ya juu ina kazi maalumu wakati wa mazungumzo. Iko mbali na mdomo, kwa hiyo inasikia zaidi kelele za mahali ulipo: daladala, jenereta, upepo. Programu ya simu hulinganisha kinachosikika chini na kinachosikika juu. Kilicho kikubwa chini kinahesabiwa kuwa ni sauti yako. Kinachofanana chini na juu kinahesabiwa kuwa ni kelele, na hupunguzwa.

Sasa fikiria tundu la chini limeziba. Sauti yako inafika kwenye maikrofoni kuu ikiwa dhaifu, karibu sawa na inavyofika kwenye ile ya juu. Programu inashindwa kujua wewe ni nani na kelele ni ipi, na inaanza kukupunguza wewe. Msikilizaji anasikia sauti inayopanda na kuzama, maneno yanakatika katikati, kama mtu anayeongea huku akizamishwa majini. Wengi wakisikia hivyo hulaumu mtandao. Wakati mwingine mtandao ndio wenye makosa, na nitafika huko, lakini uchafu kidogo kwenye tundu la ukubwa wa kichwa cha pini unatosha kuleta hali hiyohiyo.

Tuichukue simu moja tuifuate hatua kwa hatua. Ni Samsung ya familia ya Galaxy A, aina iliyozagaa mikononi mwa watu, na mwenyewe ni dada anayeendesha mashine ya kusaga nafaka. Simu hukaa kwenye mfuko wa aproni kutwa nzima, kichwa chini miguu juu au kinyume chake, ndani ya kava la mpira. Wateja wanaopiga kuuliza kama umeme upo wanamwambia anasikika kwa mbali. Yeye anawasikia vizuri. Na kuna jambo alilolibaini mwenyewe bila kuambiwa na mtu: akiweka simu kwenye spika ya nje, wateja wanasema, "Sasa umesikika."

Maelezo hayo mawili yamekwisha kutupa zaidi ya nusu ya jibu. Anawasikia vizuri, kwa hiyo spika ya sikioni ni nzima na mtandao unaleta sauti bila shida. Akiwa kwenye spika ya nje anasikika, na simu nyingi zikiwekwa kwenye hali hiyo huacha kutegemea maikrofoni ya chini peke yake. Hutumia ya juu, au zote mbili. Mshukiwa amebaki mmoja.

Kinachofuata ni kuthibitisha, na hakihitaji kifaa chochote. Fungua kinasa sauti cha simu, anza kurekodi, kisha kwa ncha ya kidole (kidole, si kucha) kwaruza taratibu pembeni ya kila tundu dogo unaloliona, huku ukitaja kwa mdomo ni tundu gani. "Chini, karibu na chaji." Kwaruza. "Juu, ukingoni." Kwaruza. Sikiliza ulichorekodi. Tundu lenye maikrofoni nzima inayorekodi hutoa mkwaruzo mkubwa na mkali. Lililoziba hutoa mkwaruzo wa ndani, mzito, usio na ncha. Baada ya hapo rekodi tena ukisema sentensi yenye s na f nyingi. Mimi hutumia hii: "Fisi sita wasafi wamefika sokoni saa tisa." Isome mara moja tundu la chini likiwa wazi, na mara ya pili ukiwa umelifunika kwa kidole. Kwenye simu nzima, tofauti kati ya usomaji wa kwanza na wa pili ni kubwa mno. Kwenye simu ya dada wa mashine hakuna tofauti: lile tundu lilikuwa limeshafunikwa kabla kidole hakijafika.

Anavua kava. Kwenye ukingo wa chini wa kava, pale palipokatwa nafasi ya chaji na maikrofoni, kuna utando mgumu wa unga na jasho. Anarekodi tena bila kava na sauti inapata nafuu, ingawa si kamili. Hili litokee kwako au lisitokee, kava ndilo la kwanza kuvuliwa. Makava ya bei nafuu mara nyingi hutengenezwa yatoshe simu mbili au tatu zinazofanana umbo, na tundu la maikrofoni halikai mahali pamoja kwenye simu zote hizo. Ukiona tundu la kava limekaa milimita mbili pembeni ya tundu la simu, kasoro umeipata na hakuna cha kusafisha.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya taratibu. Zima simu. Ishike tundu likiwa limeangalia chini, ili kinacholegea kidondoke na kisirudi ndani. Chukua mswaki laini, mpya na mkavu kabisa, kisha piga mswaki kwa mikono miepesi, ncha za nywele zikipita juu ya tundu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usikandamize. Baada ya hapo chukua kipande cha gundi ya karatasi, ile ambayo wapaka rangi hubandika ukutani, kibandike juu ya tundu, kikandamize kidogo kwa kidole na kukibandua. Rudia kwa kipande kipya mpaka gundi itoke safi. Unga ulioganda huwa hautoki mara moja. Kama umekuwa mgumu kwa sababu ya mafuta au jasho, lowesha ncha ya mswaki kwa tone la spiriti safi ya asilimia 70, kausha mswaki kwenye kitambaa mpaka ubaki na unyevu tu, kisha pitisha juu juu. Spiriti ikitiririka ndani ya tundu inabeba uchafu uliokuwa mlangoni na kuupeleka chumbani. Petroli na thina zisikaribie simu, kwa sababu zinayeyusha gundi inayoshikilia wavu.

Simu ya dada yetu ilipowashwa, fisi sita walisikika wote.

Kwa nini tusitumie sindano, wakati tundu linaonekana kabisa limetengenezwa kwa ajili ya sindano? Ni kwa sababu ya kilichomo ndani. Nyuma ya tundu kuna njia fupi, halafu wavu mwembamba, na kwenye simu zinazostahimili maji kuna pia utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Nyuma yake imekaa maikrofoni yenyewe, kisanduku cha chuma cha upana wa milimita chache, na ndani yake kuna ngozi ya silikoni ambayo upana wake hauzidi milimita moja na unene wake ni takriban elfu moja ya milimita. Ngozi hiyo ndiyo inayotetemeka unapozungumza. Sindano ikipenya wavu, imekwisha kuiharibu simu kwa njia mbili: imefungua mlango wa vumbi na maji, na ikizidi kidogo imeitoboa ngozi. Hapo hakuna kusafisha tena, ni kubadilisha.

Ajali hiyo hutokea mara nyingi pasipo mtu kukusudia kusafisha chochote. Anabadilisha laini, anachukua kile kipini cha kufungulia trei, na anakichomeka kwenye tundu la kwanza analoliona. Tundu la trei huwa liko ndani ya mstari wa trei yenyewe au limegusana nao. Unaweza kuuona mstari huo ukiinamisha simu kwenye mwanga. Tundu lililo peke yake, bila mstari wowote kuzunguka, ni la maikrofoni. Kwenye simu ambazo trei na maikrofoni ya juu zimekaa ukingo mmoja, makosa haya ni rahisi sana. Mtu akisema sauti iliharibika "tangu nilipobadilisha laini", fundi mzoefu huelewa papo hapo, wakati mwenye simu anaendelea kuilaumu kampuni ya laini mpya.

Hewa ya kopo, na mashine ya upepo ya kujazia matairi ambayo baadhi ya vijana huitumia, ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Msukumo wake ni mkubwa kuliko chochote ambacho ngozi ile iliundwa kuhimili. Apple katika maelekezo yake ya usafi wa simu inakataza hewa ya kushindiliwa kwenye matundu, na ushauri huo unazifaa simu zote. Kupuliza kwa mdomo kuna madhara madogo zaidi, ila kunapeleka mate na mvuke kwenye unga, na unga ukilowa unaganda.

Upande wa spika ya sikioni uchafu ni wa namna nyingine. Pale juu hukutana mafuta ya ngozi, losheni, poda, nta ya masikio na vumbi, na vyote hushikamana kwenye wavu. Kuipima ni rahisi: chukua ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliorekodiwa vizuri, ucheze kwa spika ya nje, kisha uucheze tena huku umeiweka simu sikioni. Simu ikihisi sikio, inahamishia sauti kwenye spika ya juu. Ujumbe ukiwa safi nje na mzito sikioni, wavu wa juu umeziba. Kwenye simu nyingi za Samsung unaweza pia kufungua ukurasa wa majaribio kwa kuandika hivi kwenye sehemu ya kupigia:

```
*#0*#
```

Gusa neno `Receiver` na mlio utatoka kwenye spika ya sikioni. Kwa simu za Xiaomi na Redmi, namba ya kuandika ni hii, nayo hufungua orodha ya majaribio ya vifaa, yakiwemo ya spika na maikrofoni:

```
*#*#6484#*#*
```

Namba hizi hazifuti kitu, zinafungua tu ukurasa wa kupimia. Msikilize mlio ukiwa mahali pa kimya. Ukiwa hafifu lakini laini, tatizo ni wavu. Ukiwa unakwaruza au kuchachatika, spika yenyewe imepasuka, au kuna chembe imekaa juu ya ngozi yake.

Kuhusu chembe, mafundi wa kuchomea vyuma na wa kukata kwa grainda wana shida yao peke yao. Spika ina sumaku ndani, na vumbi la chuma linalorukaruka karakana nzima huvutwa na sumaku hiyo na kuota kwenye wavu kama ndevu nyeusi. Mswaki hulisukuma tu upande, nalo hurudi. Linalofaa ni gundi ya karatasi iliyobandikwa na kubanduliwa mara nyingi, au fundi aweke sumaku yenye nguvu kuliko ya spika juu ya wavu kwa uangalifu na kulinyonya. Wavuvi na watu wa pwani hukutana na jambo linalofanana na hilo kwa mchanga mweusi wa ufukweni, ambao una chembe za chuma.

Halafu kuna protekta. Protekta ya kioo iliyobandikwa ikapanda juu kwa milimita moja hufunika nusu ya mfereji wa spika, na sauti inaziba siku hiyohiyo. Hii ni rahisi kuiona. Ngumu kuiona ni ile protekta inayobandikwa kwa gundi ya maji na kukaushwa kwa taa ya zambarau. Gundi ikizidi hutambaa na kuingia kwenye mfereji, na taa inaigeuza kuwa ngumu na yenye uwazi wa kioo. Ukimulika unaona wavu ukiwa msafi kabisa, unang'aa, huku vitundu vyake vyote vimejaa. Hapo mswaki hausaidii, wala spiriti. Wavu unabadilishwa, na wakati mwingine spika nzima. Kinga yake iko kabla ya kubandika: anayekuwekea protekta ya aina hiyo abandike kipande cha gundi ya karatasi juu ya mfereji wa spika kabla ya kumwaga gundi yake, na akatae haraka yako ukiwa unayo.

Simu iliyoingia maji nayo huziba sauti, lakini kwa tabia tofauti: inaziba ghafla, na mara nyingi inapata nafuu yenyewe saa chache baadaye. Maji hujishikilia kwenye vitundu vya wavu na kuviziba kama pazia. Igeuze matundu yakiwa chini, iguseguse taratibu kwenye kiganja, kisha iache penye hewa inayopita. Usiizike kwenye mchele. Apple inaonya kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuharibu simu, na mtu yeyote aliyewahi kuchambua mchele anajua vumbi linalobaki kwenye ungo. Vumbi hilo likikutana na wavu uliolowa linakuwa uji. Baadhi ya simu za Xiaomi zina huduma ya kusafisha spika kwenye mipangilio, ambayo hucheza mlio mzito wa nusu dakika hivi ili kuyatikisa maji yatoke. Programu za kupakua zenye mlio kama huo pia ni nyingi. Zinasaidia kwa maji mepesi na vumbi lililolegea kwenye spika, ila kwa unga ulioganda na mafuta hazifanyi kitu. Kwa maikrofoni hazifai hata kidogo, kwani maikrofoni haitoi sauti ya kusukuma chochote. Kama maji yalikuwa ya bahari, nafuu ya siku ya kwanza isikupumbaze: chumvi inabaki, inakula miguu ya chuma ya spika, na simu hiyo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa na fundi mapema.

Tuseme matundu yote ni safi, mkwaruzo wa kidole unasikika mkali, na rekodi za sauti ni nzuri, lakini kwenye simu za kawaida bado watu wanalalamika. Hapo ndipo ukaguzi wa programu unapoanza, na nina sababu ya kuuweka hapa. Programu huleta kasoro zenye sura yake. Ruhusa ya maikrofoni ikizimwa, kwa mfano, mwenzako hasikii kitu kabisa. Hasikii sauti iliyoziba. Kwa hiyo nusu saa ya kupekua ruhusa kwa ajili ya sauti nzito ni nusu saa iliyopotea. Yanayoweza kuziba sauti bila kuikata ni machache.

La kwanza ni Bluetooth. Simu imeunganishwa na vifaa vya masikioni vilivyosahauliwa kwenye mkoba, au na redio ya gari lililoegeshwa nje ya dirisha, na sauti yako inachukuliwa kutoka huko. Izime kabisa, kisha piga tena.

La pili ni uchujaji wa kelele. Kwenye iPhone, tangu toleo la iOS 16.4 la mwaka 2023, unaweza wakati wa mazungumzo ya simu kufungua paneli ya vidhibiti na kwenye `Mic Mode` ukachagua `Voice Isolation`, ambayo huacha sauti yako na kukandamiza nyingine zote. Ni huduma nzuri sana sokoni. Lakini ukiwa mahali tulivu, ukisema kwa sauti ndogo au ukiwa mbali na simu, inaweza kukukata mwanzo wa maneno. Jaribu `Standard` na ulinganishe. Simu nyingi za Android zina kitu cha namna hiyo kwenye mipangilio ya simu au ya sauti. Samsung wana pia `Adapt sound`, inayorekebisha unachosikia kulingana na masikio yako. Kama aliyeipanga ni mzee aliyeitumia simu kabla yako, wewe utawasikia watu kwa namna ya ajabu.

La tatu ni programu ulizopakua, hasa za kurekodi mazungumzo na za kubadilisha sauti. Washa simu kwa `Safe mode`, ambamo programu za kupakuliwa hazifanyi kazi, kisha piga simu. Kwenye simu nyingi za Android unaifikia kwa kushikilia kitufe cha kuzimia, halafu kushikilia maandishi ya kuzima yanayotokea kwenye kioo. Sauti ikiwa safi humo, mwenye kosa ni mmoja wa wageni uliowakaribisha. Waondoe mmoja mmoja ukianza na wa mwisho kuingia.

Mtandao tunaupima kwa kulinganisha. Simu ya kawaida ya 2G hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Turudi kwenye s, ambayo nguvu yake inaanzia karibu hezi 4,000: kwenye simu ya 2G karibu yote imeachwa nje hata kama maikrofoni ni mpya kutoka kiwandani. Simu inayopita kwenye 4G kwa teknolojia ya VoLTE hubeba mpaka karibu hezi 7,000, na mtu aliyezoea hiyo akishuka ghafla kwenye 2G huona kama simu imeziba. Kwa hiyo mpigie mtu yuleyule kwa WhatsApp, kisha kwa laini, mkiwa palepale. WhatsApp ikiwa safi na laini ikiwa nzito, maikrofoni yako haina kosa. Angalia kama VoLTE imewashwa kwenye mipangilio ya laini, na kama kampuni yako na simu yako zinaiunga mkono. Ni lazima na wa upande wa pili awe nayo. WhatsApp na laini zote zikiwa nzito, rudi kwenye tundu.

Kuna simu ambazo zitapita majaribio yote ya nyumbani na bado zitaziba, na nyingi kati yake zina historia moja: ziliwahi kubadilishwa mfumo wa chaji. Kwenye simu nyingi za Android, tundu la chaji na maikrofoni kuu vimekaa kwenye bodi moja ndogo ya chini. Ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote viwili. Bodi za bei ya chini huja na maikrofoni dhaifu, na hilo mtu halijui kwa sababu alichopeleka kwa fundi ni chaji, na chaji imepona.

La pili linalotokea kwenye matengenezo hayo linafaa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa halina gharama. Kati ya maikrofoni na tundu la nje kuna kipira kidogo kinachobana pande zote, ili sauti iingie kwa nje peke yake. Fundi akikisahau kwenye bodi ya zamani, au kikikaa upande, sauti yako inavuja ndani ya mwili wa simu kabla ya kuifikia maikrofoni, na sauti ya spika kubwa inaifikia maikrofoni kupitia ndani kwa ndani. Dalili yake ni ya kipekee: ukiwa kwenye spika ya nje, mwenzako anasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Programu inajaribu kuufuta mwangwi huo na kukufuta na wewe pamoja nao. Bodi inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni kipira cha ukubwa wa punje ya mtama.

Kwa hiyo ukipeleka simu kubadilishwa chaji, Kariakoo au kwingine kokote, mwombe fundi akuhamishie kipira na wavu wa maikrofoni kutoka kwenye bodi ya zamani kama mpya imekuja bila hivyo, na uiombe bodi ya zamani uione. Kabla hujalipa, rekodi sentensi ya fisi kwenye kinasa sauti, na umpigie mtu mara mbili, moja ukiwa na simu sikioni na nyingine ukiwa kwenye spika ya nje. Mwombe akusomee tena namba utakayomtajia, yenye sita na tisa ndani yake, halafu umuulize kama anajisikia mwenyewe akirudi.